Neno la Rafiki Harusini, na Siri Asiyopaswa Kuisema

Pamba ikishauzwa na fedha kuingia mikononi, Ipililo na vijiji vya jirani huingia msimu wa harusi. Turubai linafungwa uani, viti vinakodiwa, spika zinaletwa, na baada ya Misa ya ndoa watu wanakaa kula na kusikiliza. Wazazi wanasema yao, wasimamizi wanatoa nasaha, kisha mshereheshaji anamwita rafiki wa bwana harusi atoe neno kabla ya kugonga glasi. Sisi waseminari tukiwa nyumbani likizo huitwa mara nyingi kwa kazi hiyo, maana watu wanaamini kwamba anayesoma falsafa lazima ajue kuongea. Waamini wengi wanaosoma ukurasa huu wamekwisha kuitwa pia, au wataitwa.

Shida ni kwamba rafiki wa kweli anajua mambo. Alichunga ng'ombe na bwana harusi, walikaa naye chumba kimoja cha kupanga mjini Bariadi, akamfahamu akiwa na fedha na akiwa hana. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Rafiki huyu anajua kwamba bwana harusi ana binti wa miaka mitano, anayeishi Lamadi kwa bibi yake mzaa mama. Chini ya turubai wamekaa watu 300, na wanaolijua jambo hilo hawazidi wanne. Kipaza sauti kinamfikia. Afanyeje?

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni "nyamaza, usiharibu sherehe." Kwa maoni yetu jibu hilo ni sahihi nusu. Mbele ya kipaza sauti kunyamaza ni wajibu. Lakini kunyamaza huko kuna uhalali tu ikiwa rafiki alikwisha kusema mapema, mahali panapostahili na kwa mtu anayestahili. Aliyenyamaza wiki zote za matangazo ya ndoa, akanyamaza pia siku ya harusi, hajatunza siri. Ameshiriki kumficha bibi harusi jambo lililo lake.

Tuanze na wageni, maana kwao jambo ni jepesi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2488 na 2489, inafundisha kwamba haki ya kupashwa ukweli si ya kila mtu kwa kila jambo, na kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inakataza kuharibu jina jema la mtu pasipo haki na kuingilia faragha yake. Kwa hiyo kumtangaza mtoto wa Lamadi mbele ya watu 300 ni dhambi ya kusengenya hata kama kila neno ni kweli. Waamini wengi hudhani kusengenya ni kusema uongo juu ya mtu. Uongo juu ya mtu ni kusingizia. Kusengenya ni kufunua kosa la kweli la mwenzako, bila sababu ya haki, kwa watu waliokuwa hawalijui.

Hapa kuna hoja tunayoisikia hasa kwa wanakamati: "Sisi tumechanga. Tuna haki ya kujua tunamchangia nani." Hoja hii ina mvuto, lakini haisimami. Mchango wa harusi unampa mtu kadi, kiti, chakula na soda. Pengine unampa pia haki ya kumwuliza mtunza hazina fedha zimekwendaje. Haumpi haki juu ya maisha ya zamani ya maharusi. Aliyechanga 50,000 hana haki kubwa kuliko jirani aliyekuja na kuni.

Bibi harusi yuko mahali pengine kabisa. Yeye anatoa nafsi yake, na ili atoe kwa hiari ni lazima ajue anampokea nani. Kanuni ya 1098 inasema kwamba anayefunga ndoa akiwa amedanganywa kwa hila, hila iliyofanywa ili apate kukubali, juu ya sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa, anafunga ndoa batili. Maneno hayo yana masharti mengi na mahakama ya Kanisa huyapima moja moja. Kusahau hakutoshi, wala kuona haya kulieleza jambo dogo. Lakini mtoto aliyefichwa makusudi kwa sababu "akijua ataghairi" yuko karibu sana na kile ambacho kanuni hiyo inakizungumzia.

Basi swali la kwanza la rafiki, muda mrefu kabla ya kuandika neno lake, ni hili: bibi harusi anajua? Wa kumwuliza ni bwana harusi mwenyewe, wawili peke yao. Si vizuri kumzunguka na kwenda kumpima bibi harusi kwa mafumbo, kwani siri ni ya bwana harusi na yeye ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kuisema. Namna ya kuuliza iwe ya moja kwa moja: "Kaka, habari ya mtoto wa Lamadi umemwambia mwenzako? Na kwa Padre uliisema?" Jibu la "atajua tu baadaye" maana yake hajamwambia.

Wakati wa kuuliza ni kabla ya tangazo la kwanza, au walau matangazo yakiwa bado yanasomwa. Matangazo hayo hayasomwi ili watu wawahi kushona nguo. Yanasomwa ili anayejua kizuizi ajitokeze. Serikali nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla, na inaruhusu mtu kuweka pingamizi. Kanuni ya 1069 inatuhusu sisi sote: waamini wote wanawajibika kumjulisha paroko au askofu wa mahali vizuizi wanavyovijua kabla ndoa haijafungwa. Haisemi "wanaweza". Inasema wanawajibika.

Mtu makini atauliza: mtoto wa nje ni kizuizi cha ndoa? Hapana. Kuwa na mtoto hakumzuii mtu kufunga ndoa halali. Lakini nyuma ya mtoto kuna mambo mawili ambayo paroko ni lazima ayajue, na katika maeneo yetu ya Usukumani mara nyingi yanachanganywa.

La kwanza ni wajibu kwa mtoto na kwa mama yake. Kanuni ya 1071 inaagiza kwamba mtu mwenye wajibu wa asili kwa mwenzake wa zamani au kwa watoto waliotokana na muungano wa awali asifungishwe ndoa bila ruhusa ya askofu wa mahali, isipokuwa pakiwa na ulazima. Ruhusa hiyo haitolewi kwa kumwadhibu bwana harusi. Askofu anataka kuhakikisha binti wa Lamadi hatasahaulika mara baba yake atakapopata nyumba mpya. Padre atauliza nani anamlea, nani analipa sare na madaftari, na kama bibi harusi anakubali fedha hizo ziendelee kutoka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtambulia mtoto haki ya matunzo kutoka kwa mzazi wake. Kama jambo lilifichwa, maswali hayo hayakuulizwa, na atakayelipa gharama ya siri ile ni mtoto.

La pili ni zito zaidi. Je, ng'ombe walitoka? Yaani, je, bwana harusi na mama wa mtoto walioana kimila? Watu wengi husema haraka kwamba ndoa ya kimila "kwa Kanisa si kitu". Si kweli kila mara. Ikiwa mmoja wao alikuwa Mkatoliki wakati ule, alifungwa na utaratibu wa Kanisa wa kufunga ndoa mbele ya padre na mashahidi, na bila huo au ruhusa ya kuuacha, ile haikuwa ndoa halali kikanisa. Lakini ikiwa wote wawili hawakuwa wamebatizwa, jambo ambalo huku kwetu si la ajabu, wakakubaliana kuishi kama mume na mke kwa mila yao, ile ni ndoa ya kweli kwa sheria ya asili, na Kanisa linaiheshimu. Mwanamume yule akibatizwa baadaye hawi huru kwa sababu tu ya maji ya ubatizo. Bado amefungwa na ndoa ya kwanza, na Kanuni ya 1085 inaizuia ya pili. Zipo njia za kikanisa kama upendeleo wa Mtakatifu Paulo, lakini zina masharti yake na zinapita kwa askofu, hazipiti kwa kamati ya harusi. Serikali nayo haimruhusu mwanamume mwenye mke wa kimila kufunga ndoa ya Kikristo, ambayo ni ya mke mmoja, na mwanamke mwingine.

Rafiki si hakimu wa hayo yote. Hatakiwi kujua kama ndoa ile ilikuwa halali au batili. Anachotakiwa ni kumpa bwana harusi nafasi ya kusema mwenyewe, na asiposema kabla ya tangazo la tatu, aende kwa paroko na kueleza anachokijua, bila kuongeza: nani, wapi, tangu lini, kama mahari ilitolewa. Paroko atamwita bwana harusi faraghani. Wachumba walikwisha kuhojiwa kila mmoja peke yake kuhusu uhuru wao wa kufunga ndoa, kwa hiyo fomu ipo na inaweza kufunguliwa upya. Hapo wengine watasema, "Lakini niliapa kutomwambia mtu." Vitabu vya teolojia ya maadili vinatenganisha siri za aina kadhaa, na ahadi kati ya marafiki haina uzito wa siri ya maungamo. Ahadi ya rafiki inalegea pale kuitunza kunapomletea mtu asiye na hatia madhara makubwa, na inalegea kwa kiasi kinachohitajika tu, yaani kwa paroko, si kwa kijiji. Siri ya maungamo hailegei hata nukta. Padre aliyelisikia jambo lile kwenye kitubio atakaa meza kuu, atakula wali, na hatabadilisha hata uso wake. Hilo tunalitaja kwa ajili yetu waseminari, tusije tukachanganya mambo haya mawili tutakapopewa daraja.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme mambo yalikwenda vizuri. Bwana harusi alisema kwa mchumba wake, mchumba akalia siku mbili, kisha akakubali. Paroko alijua. Hakukuwa na mahari wala ndoa ya kimila, na ruhusa ya askofu ilipatikana. Bibi harusi aliomba jambo moja tu: wazazi wake na ukoo wasijue kwanza, atawaeleza mwenyewe kwa wakati wake. Sasa siri ni ya watu wawili wenye haki nayo, na rafiki anaingia ukumbini akiwa na dhamiri nyepesi. Bado anaweza kuharibu, na kwa kawaida huharibu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kusifia mahali palepale pasipo na sifa. Rafiki anaogopa siri, na woga unamsukuma kuifunika kwa maneno makubwa: "Huyu nimemjua tangu utoto, hajawahi kuwa na mwanamke mwingine, ni kijana safi!" Hakuna aliyeuliza. Sasa kunyamaza kumekuwa uongo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Mtakatifu Augustino, anafundisha kwamba hairuhusiwi kusema uongo hata kumwokoa mtu katika hatari, ingawa inaruhusiwa kuuficha ukweli kwa busara. Mpaka uko hapo. Bibi harusi aliyekaa meza kuu, anayejua ukweli wote, anamsikia rafiki wa mume wake akidanganya kwa ufasaha, na kuanzia siku ile atajiuliza huyu bwana anadanganya yapi mengine.

Njia ya pili ni dokezo. Huyu anataka watu wajue kwamba anajua. "Mambo ya Lamadi tuyaache, au siyo, kaka?" Vijana wa meza ya nyuma wanacheka, shangazi wa bibi harusi anageuza shingo, na kabla keki haijakatwa kuna mtu anampigia simu jamaa yake aliyeko Lamadi. Dokezo ni baya kuliko kusema wazi, kwa sababu linaacha kila mtu ajaze nafasi kwa mawazo yake. Mtoto mmoja atakuwa watatu ifikapo jioni. Utani ni sehemu ya harusi zetu na hatuupingi, ila utani mzuri ni ule ambao bibi harusi angeweza kuusimulia mwenyewe kesho yake kisimani.

Ya tatu karibu hakuna anayeiona. Ni baraka. Wasemaji wengi humalizia kwa kuwaombea maharusi "mzaliwa wa kwanza" au kusema kwamba mwakani bwana harusi "ataitwa baba kwa mara ya kwanza." Kwa mtu asiyejua, ni maneno ya kawaida. Kwa anayejua, ni kumfuta binti wa Lamadi. Harusi za siku hizi zinarekodiwa, na video inasambaa kwenye simu za ukoo mzima. Binti yule akiwa na miaka 15 atamwona kijana aliyekuwa akimletea biskuti kwa pikipiki akiliambia kusanyiko kwamba baba yake bado hana mtoto. Kuomba Mungu awajalie watoto kunatosha.

Kuna mtego mmoja ambao rafiki ni lazima ajiandae kwa ajili yake, maana washereheshaji wetu wanaupenda: "Haya rafiki, tuambie siri moja ya bwana harusi!" Asiyejiandaa atababaika, na kubabaika kwake kutasomwa. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Atanasi, akiwindwa na askari juu ya mto Nili, aligeuza mashua kuwaelekea, na walipouliza kama Atanasi yuko mbali akawajibu kwamba hayuko mbali. Wakampita. Rafiki naye awe na jibu la kweli mfukoni: siri ndogo halisi, ya kuchekesha, isiyo na mtu mwingine ndani yake. "Siri yake ni kwamba akisikia fisi analia, yeye ndiye wa kwanza kuingia ndani na kutuachia sisi ng'ombe." Kicheko kikipanda, mshereheshaji ameridhika na anaendelea na ratiba.

Na shangazi yule akimfuata baadaye kwenye foleni ya chakula, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu kijana wenu hana mtoto mahali?" Hapo asiseme "hana". Asiseme pia "sijui", kwa sababu anajua. Aseme kwa heshima, "Shikamoo shangazi. Habari za watu hawa wawili mimi si msemaji wake, waulize wenyewe." Shangazi anaweza kuhisi kitu. Hilo haliwezi kuzuiwa. Ila jibu hilo linafaa tu ikiwa rafiki ndivyo anavyojibu siku zote maswali kuhusu watu wengine. Anayemwaga habari za kila mtu kisha akanyamazia moja ameshalitangaza.

Itakuwaje rafiki akigundua siku ileile, asubuhi, kwamba bibi harusi hajui lolote? Aende sakristia kabla Misa haijaanza. Ni jambo la aibu, wageni wamefika, wali uko jikoni, lakini paroko anaweza kuwaita maharusi dakika kumi, na dakika kumi hizo zina thamani kuliko turubai. Akishindwa, na ndoa ikafungwa, basi Kanuni ya 1060 inasema ndoa hiyo inahesabiwa kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuanzia hapo hakuna tena la kusema ukumbini. Njia iliyobaki ni kumshurutisha bwana harusi kirafiki aseme, na kama bibi harusi akija kuona alihadaiwa, atakwenda mahakama ya Kanisa, ambako rafiki anaweza kuitwa awe shahidi na atapaswa kusema yote anayoyajua.

Sisi tunaona pia kwamba rafiki anaweza kukataa. Bwana harusi akigoma kumwambia mwenzake, na rafiki amekwisha kumweleza paroko, halazimiki kusimama mbele za watu kumsifia. Anaweza kusema mapema, "Kaka, harusini nitakuja na kazi nitafanya, ila neno mtafutie mwingine." Atabeba maji, atapanga viti. Maneno hayo peke yake yamewafanya wengine waende kusema ukweli.

Lakini katika mfano wetu kila mwenye haki ameambiwa. Kwa hiyo anaweza kusimama, na neno lake linaweza kuwa fupi na la kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama hivi:

"Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, mama zetu, shikamooni. Mimi na huyu tumechunga pamoja. Mwaka ule mvua ilipogoma na ng'ombe wetu wawili wakafa, yeye ndiye aliyekuja nyumbani na debe la mtama bila kuombwa, na mpaka leo hajanikumbusha. Shemeji, mwanamume uliyempata hakimbii mzigo wake. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mkikwama, mlango wangu mnaujua. Mungu awajalie watoto na awatunze wote watakaowaita baba na mama. Tusimame, tugonge glasi."

Watu wanasimama. Kati ya watu 300, watatu wameelewa sentensi moja kuliko wengine, na bibi harusi ni mmoja wao.